Komenti za Meno

Ukurasa wa fundi ulifunguliwa mwaka ule paa la karakana lilipobadilishwa. La, nakosea. Paa lilibadilishwa mkewe akiwa hai, maana ndiye aliyewapelekea mafundi wa paa chai na kuwagombeza kwa kukanyaga maua yake. Ukurasa ulikuja baada ya msiba, mwaka ule sponji nzito ilipoadimika madukani na watu wakashonewa makochi ya sponji hafifu, wakikaa wanafika chini mbaoni. Ndio huo. Mwaka wenyewe haujakosea kitu. Anayesahau ni mimi.

Fundi huyu alikuwa mshona makochi. Akitengeneza na viti vya kulia, na vigoda vya kuegeshea miguu, lakini kochi ndilo lililomkuza. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chini ya nyumba ya ghorofa, chenye mlango wa bati wa kukunja na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Mlikuwa na harufu ya gundi na mbao mbichi, na vumbi la sponji lililokuwa likielea hewani hata siku ambayo hakuna aliyekata kitu. Meza zilikuwa mbili, zimetazamana. Moja yake. Ya pili ilikuwa ya Meno.

Huyo Meno tumweleze, maana bila yeye hakuna hadithi. Waliingia ufundi pamoja wangali vijana, wakawa wanashona kochi moja watu wawili, huyu kavuta kitambaa, yule kagonga msumari. Meno alipata jina kwa jinsi alivyofanya kazi. Misumari midogo ya kugongea kitambaa aliijaza kinywani, akawa anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi katikati ya meno, anachomoa, anagonga. Siku nzima kinywa kimejaa chuma. Na bado aliongea! Alikuwa akiongea kwa pembe ya mdomo, na yote yaliyotoka humo yalikuwa utani, na utani wenyewe wa kuchoma. Fundi naye alimwita Bapa, kwa sababu ya kidole gumba cha kushoto kilichopigwa nyundo hadi kikalala kama kijiko.

"Bapa, hilo kochi umeshona au umelitia adabu?"

"Tazama la kwako kwanza. Limekaa kama mzee anayetafuta choo."

Ndiyo ilikuwa salamu yao ya asubuhi. Mteja mgeni akisikia angedhani watu hawa wako karibu kushikana mashati.

Lakini Meno alikuwa na desturi moja. Akitaka kusema neno la kweli, neno lisilo na mzaha, alikuwa anainama, anatema misumari yote kiganjani, anafuta midomo, ndipo anasema. Alitema misumari siku alipomwambia Bapa kuwa anaoa. Alitema alipozikwa mamaye. Alitema siku mke wa Bapa aliporudi kutoka hospitali na majibu mabaya, akasema, "Shemeji atapona, wewe shona," kisha akairudisha misumari kinywani na hawakuzungumza tena hadi jioni. Miaka yote ile, kutema misumari kulikuwa mara chache, na kila mara Bapa aliiacha nyundo chini na kusikiliza.

Shemeji hakupona.

Siku ya maziko watu walijaa hadi barabarani. Wateja walikuja, muuza mbao alikuja, hata yule aliyewahi kulirudisha kochi kwa matusi alikuja na kubeba viti. Meno hakuja. Bapa alisimama kaburini akiwa anazunguka kwa macho tu, anatafuta ile kofia ya bluu ya Meno kati ya vichwa. Wiki iliyofuata alipofungua karakana, alikuta meza ya Meno imefagiliwa, limebaki kopo la misumari tu, na nyundo yake haipo. Jirani alisema Meno amehamia mji wa mbali kwa mwanawe, ameondoka na begi moja. Simu yake ikawa haipatikani. Hakuacha neno.

Kwa hiyo Bapa alimkasirikia. Hasira ya vijana huwaka na kuzimika. Ya mzee hukaa kama kaa la moto ndani ya majivu, ukidhani limekufa unaungua.

Bintiye ndiye aliyefungua ukurasa. Alikuwa mhudumu wa duka la dawa, mjanja wa simu, mwenye huruma lakini asiyependa kungoja. Akaja jioni moja akamkuta baba amekaa katikati ya makochi matatu yasiyonunuliwa kama mgeni sebuleni kwa watu.

"Baba, watu siku hizi hawapiti mlangoni. Wanapita kwenye simu."

"Nao wanakalia simu?"

"Piga picha tu, baba. Mengine niachie."

Akampigia picha ya kochi, akaandika maneno, akamwekea ukurasa huo kwenye simu yake pia, wakawa wanauendesha wawili. Bapa akaanza kuposti. Mwanzoni kile kidole bapa kilikuwa kikibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja; siku moja aliposti picha ya kiatu chake. Watu wakakipenda kuliko kochi. Taratibu wateja wakaanza kuja.

Siku moja chini ya picha ya kochi la kijani ikatokea komenti. Jina la mwandishi lilikuwa Meno, picha yake ni nyundo.

*Vifungo hivyo vimeachana kama ndugu waliogombania shamba.*

Bapa alikaa. Alisoma tena. Kwanza alifurahi, halafu hasira ikaifukuza furaha nje kama mwenye nyumba. Miezi na miezi hukuonekana, hukuja kumzika shemeji yako, leo unarudi na vifungo! Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba vifungo vilikuwa vimeachana kweli.

Bintiye akapiga simu hata kabla ya chakula cha mchana. "Baba, kuna mtu anakuchafulia ukurasa. Futa hiyo komenti."

"Nikifuta inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inakufa. Huioni wewe, haoni yeye, haoni mtu. Na hairudi."

"Hakuna njia nyingine?"

Bintiye akavuta pumzi. "Ipo. Unaweza kuificha. Bonyeza hapo kwenye komenti, shikilia, utaona neno 'ficha' na neno 'futa'. Ukificha, watu wengine hawaioni. Wewe unaendelea kuiona, imefifia tu, na ukitaka unaifichua. Na yeye aliyeiandika anaiona vilevile, hajui kama umeificha."

"Hajui?"

"Hajui. Kwake iko palepale. Anadhani dunia nzima inasoma."

Hilo likamkaa Bapa vizuri. Akashikilia kidole, kidole kikakataa, akatumia cha mkono wa pili, akaficha. Akaitazama ile komenti imefifia kama kitambaa kilichopigwa jua dirishani. Meno yuko sebuleni anaongea, akasema moyoni, na hajui kwamba watu wote wameondoka tumebaki mimi na yeye. Akajiona amemlipizia.

Meno akaendelea. Hakuna kochi lililopita bila neno lake.

*Mgongo wa hilo umepinda kuliko wako, Bapa.*

*Hicho kigoda kina miguu mitatu ya kweli na mmoja wa kusingizia.*

*Kitambaa cha maua kwenye kiti cha mwanamume? Au ni cha kuzikia nyuki?*

Bapa alikuwa anazificha zote. Hakujibu hata moja. Kujibu ni kusamehe, na yeye hakuwa amesamehe. Alikuwa akingoja Meno aseme lile jambo moja. Lakini hakufuta hata moja pia. Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko la chai, alifungua simu kuona kama kumeingia kitu. Siku zilizokuwa hazina komenti aliona chai haina sukari. Akawa anaposti vitu visivyohitaji kupostiwa: mguu wa kiti, rundo la mabaki ya kitambaa, sindano iliyopinda. Meno hakuacha hata sindano. *Sindano imenyooka, mpiga picha ndiye aliyepinda.* Mara nyingine Bapa alicheka peke yake hadi akakohoa, na karakana ikabaki kimya baada ya kicheko, kimya zaidi ya kabla.

Ukimuuliza wakati ule kama ana rafiki, angekujibu hana.

Halafu akaja mama wa nyumba ya wageni.

Mama huyu alikuwa anafungua nyumba yenye vyumba vingi, na alitaka makochi ya ukumbini na viti vya kila chumba. Kazi ya namna ile ilikuwa haijampata Bapa tangu meza zilipokuwa mbili. Alikuja amevaa miwani kichwani na nyingine machoni, akavikalia viti vyote kimoja kimoja kama anayechagua tikiti maji. Akaridhika. Alipokuwa anaondoka akasita mlangoni.

"Fundi, kazi yako nzuri. Ila nikuulize, usinichukie. Huyu anayekutukana kwenye ukurasa wako una ugomvi naye?"

"Nani huyo?"

"Huyu Meno. Kila picha, matusi. Mara miguu ya kusingizia, mara mgongo umepinda. Wenzangu tunaoshirikiana nao katika biashara hii wakiona hayo watasema nini?"

Bapa akababaika. "Mama, hizo hazionekani. Nilizificha."

"Mimi ninaziona, baba." Akatoa simu akamwonyesha. Zilikuwepo zote, hazijafifia hata kidogo, ng'aring'ari.

Jioni bintiye alipokuja akaelezwa, akakaa juu ya mfuko wa sponji akapekua simu yake, kisha akajipiga paji la uso. "Ni rafiki yake! Huyu mama na huyo Meno ni marafiki humu mtandaoni. Baba, ukificha komenti, aliyeandika anaiona na marafiki zake wanaiona. Wageni tu ndio hawaioni. Hilo sikukwambia, nilisahau."

"Kumbe sebule haikuwa tupu," akasema Bapa.

"Sebule gani?"

"Basi tu."

"Baba, kuficha hakutoshi. Huyu mtu ana marafiki, na marafiki ni wateja. Tufute zote, halafu tufunge mlango. Ninaweza kuchagua nani anaruhusiwa kuweka komenti: watu wote, wanaokufuata, au wale uliowataja tu kwenye posti. Nikiweka uliowataja, na hujamtaja mtu, basi hakuna anayeweza kuandika. Watu watatazama picha na kupiga simu. Kwisha maneno."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini, baba? Unampendea nini mtu huyu?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Angeweza kumwambia bintiye kwamba huyu ndiye Meno yuleyule aliyekuwa akimbeba mabegani alipokuwa mdogo, aliyemtengenezea kitanda cha mwanasesere kwa vipande vya mbao. Binti hakujua. Kwake yeye yule, ingawa si ndugu wa damu, alikuwa "Mjomba". Jina la Meno lilikuwa la karakanani tu, la kati ya nyundo mbili. Lakini Bapa alikuwa hajalitaja jina la Mjomba nyumbani tangu msiba, na aliona aibu kuanza kulitaja kwa njia hiyo: kwamba anamwonea hamu mtu asiyemsamehe.

"Nimesema ngoja," akasema, na bintiye akanyamaza kwa heshima ya nje, si ya ndani.

Asubuhi iliyofuata Bapa alikuwa anabandika sponji kwenye kochi la kwanza la mama wa wageni. Gundi ya sponji haina subira: ukishaipaka pande zote mbili, unasubiri kidogo ikauke kauke, kisha unabandika, na ukichelewa umeharibu. Mikono yote miwili ilikuwa imejaa. Simu ilikuwa juu ya meza ya Meno, akaisikia inalia ule mlio mfupi wa arifa. Akanyoosha shingo. Kioo kilikuwa kimewaka, na juu yake mistari miwili tu, jinsi arifa inavyokata maneno:

*Meno ameweka komenti: Bapa, leo natema misumari. Siku ile mimi...*

Yeye alikuwa amesimama na sponji mikononi kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Siku ile. Kati yao kulikuwa na siku nyingi, lakini siku ile ilikuwa moja. Miezi yote alikuwa akingoja neno hili, na sasa limekuja, naye ana gundi hadi kwenye viwiko. Angeweza kuitupa sponji. Lakini kumbuka alikuwa fundi wa kale, na fundi wa kale hatupi sponji iliyopakwa. Tena, kusema kweli, aliogopa. Mtu anaweza kuingoja barua mwaka mzima na kuogopa kuifungua. Akajiambia: nibandike hii kwanza, ninawe, nikae kitako, nisome kama mtu mzima. Imeshaandikwa, haikimbii.

Akabandika. Akakandamiza pembe zote. Akanawa kwa mafuta ya taa, akanawa kwa sabuni, akajipangusa, akatia chai kikombeni. Akavuta kiti, akaketi kwenye meza ya Meno, si kwenye yake. Akaigusa arifa.

Simu ikamwambia kwamba kitu hicho hakipatikani.

Akaigusa tena. Akadhani ni kidole. Akajaribu kingine. Akaingia ukurasani mwenyewe, akafungua posti ya jana, haina komenti. Ya juzi, hakuna. Akashuka chini, chini, hadi kochi la kijani. Vifungo vilikuwa palepale vimeachana, na chini yake pametulia kama uwanja uliofagiliwa. Miguu ya kusingizia hakuna. Nyuki hakuna. Sindano imekaa peke yake haina wa kuisema.

Akampigia bintiye. Duka la dawa lilikuwa na foleni, alisikia watu wakikohoa.

"Umefuta?"

"Nimefuta, baba. Nilijua ukisema ngoja ni mpaka kesho kutwa. Yule mama kanipigia, anataka kuwaonyesha wenzake ukurasa leo. Nikafuta zote na kufunga komenti kila posti."

"Ya asubuhi pia?"

"Hiyo ndiyo ilinitia hasira kabisa. Niko katikati ya kufuta, nayo inaingia. 'Natema misumari.' Baba, huo si ushenzi? Mtu anakutishia hadharani! Nikaifuta hata sikuimaliza."

Bapa akaisogeza chai kando.

"Baba?"

"Ilikuwa imeandikwa nini?"

"Si nimekwambia? Natema misumari, sijui siku ile..."

"Baadaye. Baada ya siku ile."

"Sijui. Ilikuwa ndefu, yale maneno yanayojificha hadi ubonyeze 'ona zaidi'. Sikubonyeza. Kwani vipi?"

"Irudishe."

"Hairudi, baba. Ya kuficha ndiyo inarudi. Ya kufuta imekwenda." Akasikia pumzi ya baba yake kwenye simu, akashusha sauti. "Baba, huyu mtu ni nani?"

"Ni Mjomba wako," akasema Bapa. "Yule wa kitanda cha mwanasesere."

Foleni ya wagonjwa ikangoja. Binti akasema, "Ningejua..." na hakumaliza. Nani angemaliza? Jioni alikuja mapema, macho mekundu, akiwa na mkate na radhi. Bapa hakumgombeza. Alimwambia tu hivi, na ilikuwa kweli: "Mwanangu, wewe ulifunga mlango ulioonyeshwa. Aliyekuficha ni nani anayebisha ni mimi."

Wakafikiri pamoja jinsi Meno alivyoliona jambo lile. Binti ndiye aliyelijua zaidi, na alieleza kwa shida. Mtu komenti yake ikifutwa haletewi taarifa. Lakini akirudi kuitazama, haipo. Meno atarudi, maana mtu akishatema misumari hukaa kungoja. Ataikosa ya leo. Ataikosa ya jana na za nyuma zote. Atajaribu kuandika nyingine, na pale pa kuandikia atakuta ameambiwa kwamba ukurasa huu umeweka mpaka wa nani anaweza kuweka komenti. Matani yake yote Bapa aliyavumilia. Siku aliyosema la kweli, ndiyo siku aliyofungiwa nje.

"Hivyo ndivyo atakavyoona," akasema binti.

"Hivyo ndivyo ningeona mimi," akasema Bapa.

Wakafungua komenti zote tena, watu wote waruhusiwe. Binti akatafuta jina la Meno, akampata, ile picha ya nyundo, akamtumia ujumbe wa pembeni kwa niaba ya Bapa: *Ni makosa, si mimi, rudi uandike tena.* Ujumbe ukatoka, ukakaa. Chini yake haikutokea alama ya kusomwa. Kesho yake haikutokea, na wiki iliyofuata haikutokea. Huenda ulikwenda kwenye ule mfuko wa barua za watu usiowafahamu, binti akasema, ambao wengi hawaufungui kabisa.

Bapa alimwendea mama wa nyumba ya wageni na kochi la kwanza, akamuuliza anamjuaje Meno, anakaa wapi, anapatikanaje.

"Simjui, fundi wangu," akasema mama. "Alinisaidia siku moja kwenye kundi la wauza vitambaa, akanikataza kununua kitambaa kibovu. Tukawa marafiki wa humo humo. Sura yake siijui. Ni mtu mwema lakini, si kama alivyokuandikia wewe." Akalikalia kochi, akalipigapiga. "Limetulia hili."

"Limetulia," akasema Bapa.

Kazi ya nyumba ya wageni ikaisha vizuri. Ikaleta nyingine. Karakana ikajaa fremu hadi mlangoni, na watu wakamsifu kwenye ukurasa: *Hongera mzee. Kazi safi. Nimelipenda.* Komenti nyingi, zote tamu. Alizisoma asubuhi, kabla ya chai, akizipitisha kwa kidole bapa kama mtu anayepekua nguo sokoni akitafuta ile yake iliyoibiwa.

Ndipo akaanza kufanya jambo ambalo fundi mwingine yeyote angemwona amerukwa na akili. Alikuwa akimaliza kochi zuri, anachomoa kifungo kimoja na kukishona upande, nje kidogo ya mstari, kisha anapiga picha na kuposti. Akimaliza kuposti, anakirudisha mahali pake. Mara akageuza maua ya mto yakatazama chini. Mara akaweka kabari chini ya mguu mmoja wa kigoda, kikasimama kama mlevi. Aliposti ile picha kisha akaweka simu juu ya meza ya pili, uso juu, na kurudi kazini akiwa anaitazama kwa jicho la pembeni.

*Kizuri sana, mzee,* wakaandika watu. *Unafanya na meza za kulia?*

Hakuna aliyeona kifungo. Katika watu wote wale waliokuwa huru kusema, kila mtu kwa mlango wazi, hakuna hata mmoja aliyemwambia amepinda.

Bintiye aliona. Alikuja siku moja akakuta kigoda juu ya kabari na baba amepiga magoti na simu, akaelewa bila kuuliza. Akapiga magoti naye. Akasema, "Kipinde zaidi kidogo, baba. Mjomba macho yake yalishaanza kupungua." Wakacheka wote wawili, halafu mmoja wao akaacha kabla ya mwingine.

Misumari ya Meno bado imo ndani ya kopo la maziwa juu ya ile meza. Siku hizi watu wanatumia bunduki ya pini, tatu kwa mpigo, hakuna anayejaza chuma kinywani. Bapa alijaribu mara moja. Aliweka misumari kadhaa mdomoni, akahisi ladha ya kutu, akaketi mbele ya simu. Kisha akaitema kiganjani, akafuta midomo, akaandika mwenyewe kwenye ukurasa, bila picha ya kochi, bila bei, na kwa mara ya kwanza bila msaada wa mtu. Alichagua watu wote waweze kujibu. Alihakikisha mara mbili.

Posti hiyo ingali pale. Ina laiki za watu wema wasiojua inasema nini, na wateja wawili waliouliza kama duka liko wazi Jumapili. Hao hakuwafuta wala hakuwaficha. Imeandikwa hivi tu:

*Meno, natema misumari. Siku ile wewe ulikuwa wapi?*